Mita 60 kwa sekunde 6

Kwenye storibodi, yaani michoro ya shoti za filamu yetu ya uhuishaji, mbio hizi zilikuwa na picha moja tu. Zuhura, binti wa miaka 9, amekumbatia kikapu cha chakula alichokisahau baba yake, anakimbia kati ya minazi kuelekea pwani kabla jahazi halijang'oa nanga. Chini ya picha mchoraji wetu alikuwa ameandika kwa penseli: "Sek. 6. Kamera inamfuata ubavuni." Picha ilikuwa nzuri, minazi imeinama, gauni linapepea. Hakuna aliyekuwa na neno la kuongeza, tukaipitisha.

Kesho yake nilifungua Blender, programu ya kompyuta ya kuhuishia, nikasimamisha boksi la urefu wa mita 1.3 pale lilipo jiko la nje, nikachora mstari pale mchanga unapoanzia, nikapima kati yake. Mita 60. Ndivyo tulivyokipanga kijiji wenyewe, maana nyumba haziwezi kukaa juu ya maji. Sasa mita 60 kwa sekunde 6 ni mita 10 kila sekunde, na hiyo ni kasi ya wanaume wanaogombea medali ya mita 100 kwenye Olimpiki. Mtoto mwenye kikapu kifuani, anayekimbia juu ya mizizi na makuti, nilimpa mita 2.5 kwa sekunde. Kwa mwendo huo njia nzima inamchukua sekunde 24, na filamu yetu yote ni ya dakika 4.

Mchoraji hakukosea. Penseli haina mita. Ukichora mtu anakimbia, jicho linaona mbio na linaridhika, wala haliulizi ametoka wapi na atafika lini. Boksi ndilo linalouliza, kwa sababu boksi lazima lisimame mahali fulani kwenye fremu ya 1 na mahali pengine kwenye fremu ya 144, maana filamu yetu ni ya fremu 24 kwa sekunde.

Kazi hii wengine huiita privizi, wengine leiauti ya awali. Katika kikundi chetu tunasema tu "maboksi". Tunajenga mandhari yote kwa boksi, silinda na koni za kijivu, kwa vipimo vya kweli, tunaweka kamera zenye lenzi za kweli, tunayasukuma maboksi kutoka hapa hadi pale, kisha tunatoa video. Hakuna mguu unaokunjwa wala jicho linalopepesa. Tunachotafuta ni mambo mawili: kamera itatembeaje, na kila shoti itachukua muda gani. Mhuishaji wetu akifanya kazi kwa raha hutoa sekunde 4 nzuri kwa wiki, kwa hiyo shoti ya sekunde 6 ikitupwa baada ya kuhuishwa, wiki moja na nusu ya mtu imekwenda na maji. Shoti ya maboksi ikitupwa, imekwenda nusu saa.

Wazo lenyewe limetangulia kompyuta zetu. Kwenye filamu ya Star Wars ya mwaka 1983 kuna mbio za vyombo vinavyoruka kati ya miti mikubwa ya msituni, na kabla ya kugusa kazi ya gharama, mafundi walizipiga kwanza kwa kamera ndogo ya video wakitumia midoli. Yalikuwa maboksi yao. Wakajua shoti ipi inapita upande gani na inakatwa wapi, kisha ndipo wakaanza kutumia fedha.

Nirudi kwa Zuhura. Tulikuwa na njia tatu. Kuisogeza pwani karibu na jiko, kumwongezea mtoto kasi, au kukubali kwamba mtazamaji haoni mbio zote. Ya kwanza ingeharibu kijiji, ya pili ingeharibu mtoto. Tukachukua ya tatu, na hesabu yake ni nyepesi: sekunde 6 kwa mita 2.5 ni mita 15. Kwa hiyo shoti inaanza yuko tayari katikati ya minazi, inakatwa kabla hajatoka, na mita 45 zilizobaki zinamezwa na mkato. Mtazamaji hazidai.

Faida iliyofuata sikuitarajia. Kamera iko mita 6 kutoka kwa mtoto, lenzi ya milimita 35. Kamera ya Blender, ukiiacha ilivyo, ina kihisi cha upana wa milimita 36, kwa hiyo upana unaoonekana ni umbali mara 36 gawanya kwa lenzi. Mita 6 mara 36 gawanya kwa 35 ni kama mita 6.2. Maana yake, kwenye mstari anaokimbilia mtoto, shoti nzima inahitaji shamba la minazi lenye urefu wa mita 21 tu, yaani 15 za mwendo na 6 za upana wa picha. Fundi wetu wa mandhari alikuwa amejiandaa kujenga shamba zima.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nimewaona wengi wakilifanya. Sakafu yangu ilikuwa ya kijivu tupu, na minazi niliiweka nyuma ya mtoto tu, mita 20 kutoka kwenye kamera. Nikacheza video, mbio zikaonekana kama matembezi. Nikaongeza kasi hadi mita 4 kwa sekunde, bado zikaonekana za kawaida. Nilikaribia kuipitisha hiyo ya mita 4.

Kasi tunayoiona kwenye skrini haitoki kwa mkimbiaji. Kamera ikienda naye sambamba, yeye amekaa palepale katikati ya fremu. Kasi inatoka kwa vitu vinavyompita, na hasa vilivyo karibu na lenzi. Kwa mwendo wa mita 2.5, mnazi ulio mita 20 kutoka kwenye kamera unachukua sekunde 8 kuvuka skrini, kwa hiyo ndani ya shoti yetu hata haumalizi safari. Mnazi ulio mita 2 kutoka kwenye kamera, ule unaopita kati ya kamera na mtoto, unavuka kwa fremu 20, chini ya sekunde moja. Niliweka silinda tatu za upana wa sentimita 30 upande huo wa karibu, moja kila mita 5, nikatupia na vijiwe vya boksi ardhini ovyo ovyo. Nikarudisha kasi kuwa mita 2.5. Video ileile ikawa mbio za mtu mwenye haraka. Kila silinda inamziba Zuhura kwa fremu kama 3 tu, kufumba na kufumbua, na huko kuzibwa kidogo ndiko kunakompa mtazamaji hofu kwamba atachelewa.

Laiti ningeipitisha ile ya mita 4 juu ya sakafu tupu, kosa lingejitokeza miezi baadaye, siku ambayo majani, kokoto na vivuli vimewekwa. Picha ingekuwa inatetemeka kwa kasi, na mtoto angekuwa ameshahuishwa hatua kwa hatua kwa mwendo huo. Kwa hiyo siku hizi siangalii mwendo wa kamera juu ya ardhi isiyo na alama. Hata miraba ya bao la drafti inatosha.

Kuna jambo dogo la ndani ya programu linalokwenda na hilo. Blender ukiiachia, kila kitu kinaanza taratibu, kinashika kasi katikati, kinamalizia taratibu. Kwa kamera inayoanza na kusimama ni vizuri. Kwa boksi la mtoto ambaye shoti inamkuta tayari mbioni, ni uongo: katikati anafika karibu mara moja na nusu ya kasi uliyokusudia. Chagua fremu zake kuu, bonyeza `T`, chagua `Linear`. Kamera nayo ifanye vivyo hivyo, la sivyo mmoja atamtangulia mwenzake na boksi litaonekana likiteleza ndani ya picha, mara mbele, mara nyuma.

Kosa kubwa zaidi nililifanya miaka kadhaa kabla ya Zuhura, kwenye tangazo la televisheni la sekunde 30. Kulikuwa na shoti ya kamera inayogeuka kutoka kwa muuzaji hadi kwenye bango la bei. Kompyuta yangu wakati ule ilikuwa imechoka, na mandhari ilikuwa nzito kidogo. Nilicheza shoti mara nyingi ndani ya programu, nikaona imetulia, bango linasomeka, nikaifunga kwenye fremu 75. Tangazo lilikuwa la fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo 75 ni sekunde 3. Lakini mashine yangu ilikuwa inamudu fremu 15 tu kwa sekunde. Niliyokuwa nikiitazama na kuipenda ilikuwa shoti ya sekunde 5. Tulipotoa video ya mwisho bango lilipita kabla jicho halijashika tarakimu, na mteja aliyaona hayo kabla yangu. Kuhuisha muuzaji upya kulitugharimu siku 4 na malipo ya mtu.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, kwenye menyu ya `Playback` badilisha `Play Every Frame` iwe `Sync to Audio`, ili mashine ikishindwa iruke fremu badala ya kunyoosha muda. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoiamini, usihukumu urefu wa shoti ndani ya programu. Toa video kwa `Viewport Render Animation`, jambo la dakika chache, uitazame nje kama mtazamaji. Na kabla ya kutoa, kwenye mipangilio ya `Metadata` washa `Burn Into Image`, uchague namba ya fremu, jina la kamera na lenzi. Maandishi hayo madogo pembeni yanaokoa mabishano mengi. Mtu akisema "pale anapopita mnazi wa pili", unamwambia "fremu 61", mnazungumzia kitu kimoja.

Kila shoti ninaipa kamera yake, sihamishi kamera moja kutoka shoti hadi shoti. Kwenye mstari wa muda naweka alama mwanzoni mwa shoti, nachagua kamera, nabonyeza `Ctrl B`, na kuanzia hapo alama ile ndiyo inayokata. Kurefusha shoti ni kuzisogeza alama zinazofuata pamoja na fremu zake. Ili nisihesabu kwa vidole, nina vistari hivi vichache vinavyonisomea urefu wa kila shoti kwa fremu na kwa sekunde:

```python
import bpy
s = bpy.context.scene
alama = sorted(s.timeline_markers, key=lambda m: m.frame)
mwisho = s.frame_end + 1
for i, m in enumerate(alama):
    ijayo = alama[i+1].frame if i+1 < len(alama) else mwisho
    f = ijayo - m.frame
    print(m.name, f, round(f / s.render.fps, 2))
```

Zuhura mwenyewe ni boksi lenye koni ndogo pale ulipo uso. Usidharau koni hiyo. Bila koni hujui mhusika anaangalia wapi, na usipojua anaangalia wapi huwezi kujua kamera ikae upande gani. Baba yake ni boksi la mita 1.7 ndani ya jahazi, naye ana koni, nayo inaelekea baharini. Uamuzi huo wa koni kuelekea baharini ndio uliotuletea kazi iliyofuata.

Shoti ya 4 kwenye storibodi ilikuwa fahari ya mwongozaji wetu. Kamera ileile inamfuata Zuhura, anatoka kwenye minazi, bahari inafunguka, na jahazi linaonekana limeshaondoka, tanga limejaa theluthi ya skrini. Shoti moja, bila kukata, sekunde 6. Kwenye karatasi ilikuwa inasisimua kweli.

Nikaweka jahazi mita 300 kutoka ufukweni, tanga lake la urefu wa mita 10. Nikabonyeza kucheza. Boksi la Zuhura likatoka kwenye minazi, bahari ikafunguka, na jahazi halikuonekana. Lilikuwepo, lakini kwa lenzi ya milimita 35, kwa umbali huo, picha inabeba kimo cha mita 173 kutoka chini hadi juu, na tanga la mita 10 ndani yake ni kama punje. Kwenye video ya mistari 1080 lilikuwa mistari 60 hivi.

Mwongozaji akasema tulisogeze. Nikalisogeza hadi likafika theluthi aliyoitaka, au karibu yake. Namba ilisimama kwenye mita 57. Picha ikapendeza sana, tukatoa video, na jioni nikaichukua nyumbani nimwonyeshe mpwa wangu wa miaka 10, ambaye ndiye aliyetusaidia kurekodi sauti ya Zuhura ya majaribio kwenye simu. Alitazama maboksi yale ya kijivu kwa makini kuliko mtu yeyote, akaniuliza:

"Mjomba, mbona hamwiti?"

"Nani?"

"Baba yake. Si yuko hapo tu? Amwite, atamsikia."

Mita 57 ni kama nusu ya kiwanja cha mpira. Mtoto akipaza sauti ufukweni, baba anageuka, jahazi linarudi, chakula kinafika, filamu imekwisha. Kwa mita 300, upepo ukivuma na tanga likipigapiga, hata angelia vipi asingesikika. Hadithi yetu yote imekaa ndani ya umbali huo, na sisi tulikuwa tumeuuza kwa ajili ya picha inayojaa. Hakuna picha ya penseli ambayo ingemfanya mpwa wangu aulize swali lile, kwa sababu kwenye karatasi hakukuwa na umbali wa kuulizia.

Jahazi likarudi mita 300, na shoti moja ikawa mbili. Katika ya kwanza, sekunde 3, tunamwona Zuhura kwa nyuma akitoka kwenye minazi na kusimama ghafla mchangani, lenzi bado ni 35, bahari pana, na jahazi ni punje. Kisha tunakata, kamera inakaa mita 4 nyuma ya bega lake ikiwa na lenzi ya milimita 85. Kwa lenzi hiyo picha inabeba mita 71 kwa umbali wa jahazi, na tanga linakuwa sehemu moja ya saba ya kimo cha skrini. Linaonekana wazi, mtu anajua ni jahazi gani, lakini bado ni dogo kando ya kichwa cha mtoto kilicho upande wa kulia. Jahazi linakwenda, na kwa lenzi ndefu kitu kinachokwenda mbali huonekana kama hakiondoki, kinasinyaa taratibu mno. Nilijaribu sekunde 3, haikuonekana imesogea hata kidogo. Kwa sekunde 5 jicho linaanza kuhisi. Tukaiacha 5. Mwongozaji aliomboleza theluthi yake kwa siku moja, kisha ndiye aliyekuwa akiwaonyesha watu wengine shoti hiyo.

Ikabaki shoti ya mwisho, uso wa Zuhura. Hapa maboksi yanafika mwisho wa uwezo wao, na ni muhimu kujua yanafikia wapi. Boksi lenye koni likikaa mbele ya kamera kwa sekunde 4 linachosha vibaya sana. Mhariri wetu, ambaye namheshimu, alitaka sekunde 2, na kwa alichokuwa akikiona alikuwa na haki. Shoti zote za hisia huonekana ndefu katika maboksi, na ukizikata kwa kufuata unachokiona, mhuishaji atapewa chumba kisichoweza kumlaza mhusika wake.

Kwa hiyo shoti hiyo hatukuipima kwa boksi. Nilisimamisha simu juu ya kiti, nikamwomba mpwa wangu akimbie kutoka getini hadi sebuleni akiwa na kikapu cha mama yake, asimame, atazame dirishani kana kwamba ndiko liliko jahazi. Alifanya mara 5. Mara ya tatu ndiyo iliyokuwa ya kweli. Anafika akihema, anatafuta kwa macho, anapata, anaacha kuhema kidogo, halafu mikono inashuka na kikapu kinagusa mapaja. Niliihesabu fremu kwa fremu: tangu anapofika hadi kikapu kinapotulia, sekunde 5 na nusu. Fremu 132. Nikaibandika video hiyo ya simu mahali pa boksi ndani ya mkato, na mhariri alipoitazama pamoja na sauti ya mawimbi hakugusa kitu.

Tuliongeza fremu 12 mwanzoni na 12 mwishoni mwa kila shoti, ambazo hazionekani kwenye mkato lakini mhuishaji anazihuisha, ili mhariri apate pa kushika akitaka kuvuta kidogo. Storibodi ilikuwa na shoti 5 na sekunde 22. Maboksi yametupa shoti 6: jikoni 3, kuchukua kikapu na kutoka 4, mbio 6, mchangani 3, jahazi 5, uso 5.5. Jumla sekunde 26 na nusu, fremu 636. Nne na nusu zilizoongezeka tumezitoa kwenye onyesho la soko, ambalo nalo katika maboksi lilionekana limelegea.

Jumatatu mhuishaji anaanza na shoti ya 3. Jana alinipigia akiuliza mguu upi wa Zuhura uwe mbele kwenye fremu ya kwanza. Nilimwambia wa kushoto, kwa sababu mnazi wa kwanza unapita fremu ya 11, na ningependa uuzibe mguu wa kulia ukiwa hewani.